Hita imeganda kwenye moto au baridi na dashibodi inagonga tak tak: kuseti upya, kukarabati kimota, kununua kipya au kukifunga tu kilango cha hewa mahali pamoja?

Asubuhi moja mwezi wa kwanza, hapa Minnesota nje ni nyuzi 22 chini ya sifuri, nawasha pikapu naskia ndani ya dashibodi tak tak tak tak kama mtu anagonga kucha mezani, inagonga kama sekunde 15 hivi inanyamaza, nikigusa kitufe cha joto inaanza tena. Injini ikapata moto vizuri tu, mshale umekaa katikati kama siku zote, lakini upande wangu wa dereva unatoka upepo wa barafu na upande wa abiria unatoka moto mpaka mke wangu akavua koti. Gereji niliyoipigia simu wakaniambia dola 480. Nikasema ngoja kwanza nijue kinachogonga ni nini, na toka siku ile nimeshafungua vimota hivi vitatu kwa mikono yangu, na cha nne nilikifungua nikiwa kwenye simu ya video na mdogo wangu aliyeko Dar, kwaiyo hapa nakulinganishia njia zote nlizozipitia, ipi inafaa lini na ipi itakula hela yako bure.

Kwanza ujue kinachotokea mle ndani maana bila hivyo utachagua kwa kubahatisha. Gari nyingi za siku hizi hita haizimwi wala kuwashwa, maji ya moto ya injini yanapita muda wote kwenye rejeta ndogo ya hita iliyojificha nyuma ya dashibodi. Kinachoamua upate joto au baridi ni kilango cha plastiki ndani ya boksi la hewa, kikigeukia huku upepo wa feni unalazimishwa kupita kwenye rejeta ndogo unatoka moto, kikigeukia kule upepo unaikwepa unatoka baridi, kikikaa katikati unachanganyika. Zamani kilango hiki kilivutwa na kebo, ile unayosogeza kwa mkono. Sasa hivi kinageuzwa na kimota cha volti 12 kinachokaa kwenye kiganja, mafundi wengine wanakiita sevo, wengine aktueta, na ukitaka kukiagiza mtandaoni andika `blend door actuator` pamoja na mwaka na aina ya gari lako.

Ndani ya kimota kuna mota ndogo sana inayozunguka kasi, inashika giya za plastiki tatu au nne zinazopunguza kasi mpaka ile ya mwisho inageuka polepole kwa nguvu, na ndo inayoshika mhimili wa kilango. Sasa angalia kitu kimoja, kilango chenyewe hakizunguki duara zima, kinaenda pembe ndogo tu kinarudi, kwaiyo kwenye giya ya mwisho ni meno yaleyale machache yanayofanya kazi miaka yote huku mengine yanakaa bure. Plastiki nayo iko jirani na rejeta yenye maji ya karibu nyuzi 90, na usiku huku kwetu inashuka chini ya sifuri, inakauka inakuwa kama biskuti. Siku jino likikatika, mota inasukuma ikifika kwenye pengo giya inateleza, inagonga jino linalofuata, inateleza tena, ndo ile tak tak. Kompyuta ya hita haijui kama jino limekatika, inachojua ni kwamba kilango hakijafika ilipokiagiza, kwaiyo inaendelea kusukuma mpaka ichoke iache. Ndo maana inagonga sana ukiwasha gari au ukibadilisha joto, halafu inanyamaza.

Nilipofungua kile changu cha kwanza nilikuta kwenye giya nyeupe meno matatu hayapo, na vipande vyake vimezama kwenye grisi kama chenga za mchele. Kila kitu kingine mle ndani kilikuwa kipya kabisa.

Kuna kufa kwa aina ya pili ambako hakuna mlio. Vimota vingi vina waya tano, mbili za mota na tatu za kile kisoma-pozisheni, ni ukanda mweusi wa kaboni na kijiulimi cha chuma kinachoteleza juu yake kuiambia kompyuta kilango kiko wapi. Ukanda ukilika sehemu moja kompyuta inapata jibu la uongo, basi joto linaruka lenyewe, mara moto mara baridi, au linakimbilia upande mmoja linakaa huko, na giya zote nzima. Vile vya waya mbili havina ukanda huo, kompyuta inahesabu mapigo ya mota yenyewe ili kujua kimegeuka kiasi gani. Kumbuka tofauti hii ya waya tano na waya mbili, itarudi kwenye kuchagua.

Kabla hujachagua chochote hakikisha kweli ni kilango maana hita baridi ina wezi wengi. Injini ikishapata moto, shika kwa uangalifu zile paipu mbili za mpira zinazoingia ukutani kati ya injini na kabini. Zote mbili zikiwa za moto, maji yanapita sawa, tatizo liko upande wa hewa yaani kilango. Moja moto nyingine baridi, rejeta ndogo imeziba au kama gari lako lina valvu ya hita basi imefunga. Zote vuguvugu na mshale wa joto haupandi vizuri, angalia thamostati iliyobaki wazi au maji yaliyopungua, na tafadhali usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Hapo hata ukinunua vimota kumi hutapata joto. Na usiseme tu mbona upande mmoja ni moto na mwingine baridi kwaiyo lazima ni kimota, maji yakipungua nayo yanaweza kufanya upande mmoja upoe, kwaiyo cheki maji kwanza ni dakika mbili tu.

Halafu mlio wenyewe. Dashibodi moja inaweza kuwa na vimota vitatu, vinne au zaidi, kuna cha joto upande wa dereva, cha joto upande wa abiria, cha kuamua upepo uende miguuni au kioo cha mbele, na cha kufunga hewa ya nje. Usichanganye. Gari likiwa kimya badilisha joto peke yake usikilize, halafu badilisha mwelekeo wa upepo peke yake, halafu bonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Kinachogonga ukigusa kitufe fulani ndicho cha kitufe hicho. Mimi nlikaribia kununua cha abiria kwasababu mlio ulisikika kama unatoka kule, kumbe boksi la hewa lile lote ni ngoma, sauti inasafiri. Weka kidole juu ya kimota wakati kinagonga, utakisikia kinaruka.

Sasa kipimo ambacho ningekuomba usikiruke hata ukiruka vingine vyote: toa kimota mahali pake, kiache pembeni, shika mhimili wa kilango kwa vidole au koleo ndogo uugeuze mwenyewe huku injini imepata moto na feni inapuliza. Skrubu zenyewe ni mbili au tatu ndogo, kwenye gari nyingi za Kimarekani soketi ya 7 au ya 8 na mkono mfupi. Utakutana na mambo matatu. Mhimili unageuka laini, unagonga mwisho huku, unagonga mwisho kule, na upepo unabadilika kutoka moto kwenda baridi, hapo kilango ni kizima na kimota ndo mgonjwa. Mhimili ni mzito au unakwama katikati, hapo kuna kitu ndani au kilango kimepinda, na kimota kipya ukikiweka kitavunja meno kama cha zamani. Mhimili unazunguka tu hovyo bila kugonga mwisho na upepo haubadiliki, kilango chenyewe kimekatika, na hili kwa Jeep Grand Cherokee za 1999 mpaka 2004 ni ugonjwa unaojulikana sana, watu wanabadilisha kimota joto halirudi kwasababu plastiki ya kilango imevunjika ndani ya boksi. Njia zote ninazolinganisha hapa chini ni za lile jibu la kwanza.

Njia ya bure ni kuseti upya. Unachomoa fyuzi ya hita dakika moja unarudisha, unawasha gari, kompyuta inapeleka kila kilango mpaka mwisho huku na mwisho kule inajifunza upya. Kwenye gari nyingi za General Motors zoezi hili linachukua kama sekunde 40 na wakati huo usiguse kitufe chochote cha hita, ukigusa linakatika na unaanza upya. Inafaa lini? Kama tatizo lilianza baada ya betri kufa, kustuliwa au kubadilishwa, na hakuna mlio. Hapo kompyuta imepoteza tu kumbukumbu ya kilango kiko wapi, na mara nyingi inapona. Lakini kama kunagonga, jino limeshakatika, kuseti upya kutakupa siku mbili za furaha halafu kunarudi, tena kila ukirudia unalazimisha kimota kusukuma mpaka mwisho pande zote mbili na meno yaliyobaki ndo yanayoumia. Jaribu mara moja, mara mbili, basi.

Kukarabati kimota chenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, na ndo inayotegemea ile habari ya waya. Unafungua vishikizo vya pembeni kwa bisibisi bapa, unapiga picha kabla ya kutoa giya yoyote, unazitoa moja moja. Kama ni cha waya mbili na giya iliyokatika ni ile ya mwisho na haina kizuizi, unaweza kuigeuza nusu mzunguko ili yale meno yaliyokaa bure miaka yote sasa yafanye kazi, unasafisha chenga, unaweka grisi nyeupe kidogo ya plastiki, unafunga. Jirani yangu Mkongo gari lake tulilifanya hivyo na lilimaliza majira mawili ya baridi. Kwenye cha waya tano ujanja huu haufanyi kazi maana kisoma-pozisheni kimekaa juu ya giya ileile ya mwisho, ukiigeuza unageuza na jibu linalokwenda kwenye kompyuta, itadhani kilango kiko moto kumbe baridi. Na gundi msijaribu, sijaona jino lililogandishwa kwa gundi likavuka mwezi, nguvu yote inapita palepale. Kwaiyo ukarabati ni wa mtu mwenye kimota cha waya mbili, kinachofikika kirahisi, na hana shida kukifungua tena kikigoma.

Kununua kipya ndo watu wengi wataishia, na swali ni cha bei rahisi au orijino. Mimi nlianza na cha dola 23 kisicho na jina. Kilikaa poa, joto likarudi, nikafurahi, miezi 14 baadaye tak tak ileile. Nikanunua orijino dola 61. Nilipoweka viwili kwenye meza kwa kulinganisha, kwa nje pacha, plagi moja, matundu ya skrubu mamoja. Ndani ndo tofauti, giya za orijino zilikuwa nene zaidi kwenye meno na zina grisi ya kutosha mpaka kwenye mota, kile rahisi kilikuwa na tone moja tu la grisi kwenye giya ya katikati. Je, ina maana kila mtu anunue orijino? Hapana, na hapa ndo nataka unisikilize vizuri: usiamue kwa bei ya kimota, amua kwa mahali kilipo. Changu kiko kulia kwa miguu ya dereva juu ya pedo ya mafuta, dakika 40 nimemaliza, kikifa tena najilaza naweka kingine, kwaiyo cha dola 23 kwangu hakikuwa dhambi. Kama chako kimekaa juu kabisa nyuma ya dashibodi na fundi anasema dashibodi nzima itoke, hapo kazi ni ya siku nzima na hela yote iko kwenye kazi, ile tofauti ya dola 38 si kitu, weka orijino. Na wakati dashibodi iko nje mwambie abadilishe na cha jirani yake, maana kina umri uleule na plastiki ileile.

Kwenye kufunga kipya kuna mambo mawili yanayoua vimota siku ya kwanza. La kwanza mtu anakuta mhimili hauingii kwenye tundu, anashika kimota kipya anakizungusha kwa koleo, hapo meno yanavunjika kabla hajamaliza kazi, mota haikubali kuzungushwa kwa nyuma. Geuza kilango kikifuate kimota, usigeuze kimota kifuate kilango. La pili mtu anachomeka waya na kuwasha gari kimota kikiwa kinaning'inia, kompyuta inaanza kujifunza, inatafuta mwisho ambao haupo, inajifunza uongo. Kaza skrubu kwanza, chomeka plagi, rudisha fyuzi, ndo uwashe na ukae mikono mapajani mpaka imalize. Na kama uko kwenye baridi kama yetu pasha kabini kwanza hata kwa hita ya umeme, plastiki za dashibodi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri zinakatika kama njugu. Plagi za njano usiziguse, hizo ni za mifuko ya hewa.

Njia ya mwisho watu wanaidharau lakini mimi naiheshimu, kukifunga kilango mahali pamoja. Unatoa kimota, unageuza mhimili kwa mkono mpaka moto wa mwisho, unaukaza usirudi kwa kamba ya plastiki ya kufungia waya, unachomoa plagi, mlio umekufa na joto lipo. Baridi na moto sasa unaamua kwa kasi ya feni na dirisha. Nlikaa hivyo siku tisa nikisubiri spea na kioo cha mbele kilikuwa kinayeyusha barafu vizuri, na hilo ndo la kuangalia, huku kwetu kilango kikiganda kwenye baridi huwezi kusafisha kioo na huwezi kuendesha. Kama mlio tu ndo unakuudhi na joto liko mahali unapolitaka, chomoa plagi peke yake, imeisha.

Dar mambo yanageuka kichwa chini. Mdogo wangu ana gari lililotumika Japani, AC ikaanza kutoa hewa ya vuguvugu upande wote, fundi akajaza gesi, wiki mbili akajaza tena, hela imeenda na hewa ileile. Nikamwambia shika lile bomba nene la AC pale linapoingia ukutani, akasema la baridi linatoa jasho. Basi gesi ipo na kulinkoili inayopoza hewa inafanya kazi, ila hewa ikishapoa inapitishwa kwenye rejeta ya hita inapashwa moto tena, kilango kimeganda kwenye moto. Kwake yeye kukifunga kilango kwenye baridi ni suluhisho la mwaka mzima, Dar nani anahitaji hita, mtu wa Njombe au Limuru ndo ningemwambia anunue kimota. Lakini yeye alikuwa ameshanunua kimota kipya kwa kusikia ushauri wa watu, akakiweka bila kugeuza mhimili kwa mkono, wiki ya tatu kikaanza tak tak. Ndo tukakaa kwenye simu ya video, nikamwambia toa, geuza kwa vidole. Akageuza, ukakwama katikati. Akatoa feni ya chini ya dashibodi upande wa abiria akaingiza tochi na waya uliopindwa, akahangaika karibu saa nzima, akatoa kalamu ya wino ya buluu isiyo na kifuniko, iliyodumbukia kwenye matundu ya juu ya dashibodi chini ya kioo, sijui mwaka gani. Baada ya hapo mhimili ukaenda laini mwanzo mpaka mwisho. Kimota kile kilichokwisha hakukinunua tena, ameufunga kwenye baridi kwa kamba ya plastiki, na kalamu bado inaandika.